Mama Pale Nyuma

Tangazo la kazi lilimfikia Bi Robo kupitia simu ya rafiki yake, likamkuta amekwisha kuzoea kuamka asubuhi bila mahali pa kwenda. Shirika moja la maendeleo lilikuwa linatafuta afisa programu wa mradi wake wa maji. Lilitaka mtu aliyewahi kuandaa ripoti za ruzuku kwa wafadhili, na aliyewahi kufanya kazi na jamii ana kwa ana; tena lilitaka ushahidi wa yote mawili, si maneno matupu. Alilisoma mara ya kwanza akiwa amesimama jikoni, akalisoma tena akiwa amekaa, kisha akazima jiko na kwenda kutafuta kalamu.

Hilo la Bi Robo halikuwa jina lake. Alibandikwa na wenzake katika shirika alikofanya kazi awali, kwa sababu kila robo ya mwaka ilipokaribia kwisha yeye ndiye aliyepita meza kwa meza akidai karatasi za mahudhurio, picha na kumbukumbu za mikutano. Dereva wa shirika akimwona anatokea upande huu wa ukumbi, yeye hutokomea upande ule, huku akilalamika kwamba robo imeanza kumfuata mpaka msalani. Lakini hata waliomkimbia walikiri kwamba kazi aliijua. Mfadhili akiuliza kwa nini shughuli iliyopangwa haikufanyika, au kwa nini kifungu fulani cha bajeti kimebaki bila kuguswa, Bi Robo alikuwa na jibu fupi lenye kielelezo nyuma yake. Ruzuku ilipofikia kikomo mradi ukafungwa, na mkataba wake ukafungwa pamoja nao.

Barua ya maombi aliijenga kwa utaratibu, sifa moja baada ya nyingine kama zilivyopangwa kwenye tangazo. Upande wa ripoti kalamu iliteleza yenyewe. Upande wa jamii ndipo iliposita. Sehemu kubwa ya miaka yake ya kazi aliimaliza ofisini, akiandika yaliyofanywa na wengine. Mikutano ya mitaani aliiendesha kwa msimu mmoja tu, mhamasishaji wao alipokwenda likizo ya uzazi. Aliyaandika hayo kama yalivyokuwa, bila kupiga chuku: mitaa aliyofika, namna alivyowatenga wanawake wakae peke yao ili wazungumze kwa uhuru, na jambo moja ambalo mradi ulilibadilisha baada ya kuwasikiliza. Alipoituma, alihisi ameandika barua ya mtu mkweli.

Habari za kukosa kazi na za barua hiyo hakumwambia shangazi yake. Shangazi huyo, dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea tangu akiwa msichana wa shule ya msingi, na hadi sasa alikuwa akishona nguo kwa cherehani kibarazani kwake, katika mtaa wa bondeni ambako nyumba zimeegemeana kama abiria waliosinzia. Kwa wateja wake, binti wa kaka yake alikuwa mtu mkubwa ofisini. Tangu mkataba ulipokwisha Bi Robo hakuwa amekanyaga kibarazani pale. Alipiga simu tu, akawa anasikiliza kwa sikio moja. Shangazi alikuwa na malalamiko yale yale kila mara: bomba jipya limewekwa juu, karibu na barabara, wa bondeni wanapanda mlima na ndoo kichwani, tena mtunza bomba anafunga koki kabla zamu yao haijafika, kwa kuwa anataka kuwahi nyumbani. Bi Robo alikuwa akiitikia, “Pole, shangazi,” na mawazo yake yako kwenye mambo mengine.

Aliitwa kwenye usaili. Barua ya wito ilieleza kwamba siku hiyo itakuwa na sehemu mbili. Asubuhi waombaji watapelekwa uwandani, na kila mmoja ataendesha kipande cha mkutano halisi wa wakazi mbele ya jopo. Mchana watarudi ofisini, na kila mmoja ataandika ripoti ya mkutano huo kana kwamba inakwenda kwa mfadhili. Mtaa wenyewe haukutajwa, ili asiwepo wa kwenda kujipanga mapema. Bi Robo alifurahi. Hatimaye, alijiambia, nitaonyesha yote mawili kwa siku moja.

Walikuwa waombaji wanne ndani ya gari la shirika. Mbele alikaa meneja wa programu, mwanamke wa makamo mwenye miwani na sauti ya taratibu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa jopo. Nyuma yake alikaa afisa utumishi, kijana mwenye jalada mapajani. Mwombaji mmoja, mwanamume aliyevaa viatu vya ngozi vilivyong’arishwa mpaka vikawa vioo, alikuwa mcheshi wa safari. Gari lilipoacha lami na kuanza kushuka, harufu ya mtaro ikaingia dirishani, naye akavitazama viatu vyake, akasema kwa huzuni ya utani kwamba laiti angejua walengwa wenyewe wanaishi chini kiasi hiki, angevaa vya mvua. Wenzake wakacheka. Meneja hakucheka.

Bi Robo naye alicheka. Alicheka kidogo, kwa adabu, na kicheko kilikuwa bado kinywani alipoitambua njia. Kile kilikuwa kinu cha kusaga. Ule ulikuwa ukuta wa shule aliyosoma. Gari lilikuwa linashuka kuelekea kwa shangazi yake.

Lilisimama kwenye uwanja mdogo ambako viti vya plastiki na mabenchi vilikuwa vimekwisha kupangwa. Kabla ya kufungua mlango, afisa utumishi aligeuka na kufungua jalada lake.

“Jamani, kabla hatujashuka,” alisema. “Mlijaza kwamba hamna undugu na mtu yeyote wa jopo. Sasa na huku ni hivyo hivyo. Kama kuna mwenye ndugu au jamaa wa karibu mtaa huu, aseme tu. Si kosa. Tutampeleka mtaa mwingine kesho.”

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kwa upana wote ambao mlango unaweza kuwa wazi. Maneno matatu yangetosha. Bi Robo aliyahisi yamefika kwenye ulimi, na papo hapo akamwona mwenye viatu vya ngozi akichungulia nje na kukunja pua, akaona mtaro uliojaa maji meusi, akaona watoto wanaolichungulia gari. Kwa miaka mingi alikuwa ameliandika neno lile, walengwa, mamia ya mara, akilipanga kwenye majedwali kwa jinsia na umri. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja atatakiwa kusema mbele ya watu kwamba na yeye ametokea ndani yake. Akajidanganya haraka haraka, kama mtu anavyofunga mzigo akiwa amechelewa: pengine shangazi ana nguo za watu za kumaliza, hatakuja mkutanoni, pengine watadhani anatafuta kisingizio, pengine nafasi ya kesho itakuwa na ugumu zaidi. Afisa utumishi alizungusha macho, akafunga jalada. Wakashuka.

Mwenyekiti wa mtaa aliwakaribisha, na meneja akawaeleza wakazi ukweli wa mambo bila kuuzungusha. Hawa wageni wanne wanaomba kazi, alisema, nao leo wanapimwa. Lakini yatakayosemwa hapa si ya mchezo, yataandikwa na kupelekwa kwenye mpango wa awamu ya pili, ambayo itaamua vituo vipya vya maji viwekwe wapi. Kwa hiyo kila mwenye la kusema aliseme. Mzee mmoja wa benchi la mbele alitaka kujua kama na wao wakazi watapewa kazi wakiongea vizuri, na uwanja mzima ukacheka.

Mwenye viatu vya ngozi alianza. Alizungumza vizuri mno, na peke yake, mpaka muda wake ukaisha. Wa pili, msichana aliyetoka chuoni karibuni, aliuliza maswali mazuri lakini akawaachia wanaume wawili wa benchi la mbele wayajibu yote. Wa tatu naye hakuwavuka hao wa benchi la mbele. Mwisho ikafika zamu ya Bi Robo.

Aliyefika mbele ya watu wale hakuwa mwoga. Kazi ilimwingia mwilini mara tu alipoianza. Aliwashukuru wa benchi la mbele kwa yale waliyosema, kisha akauliza ni nani kati ya waliopo aliyechota maji leo asubuhi. Mikono iliyoinuka ilikuwa ya wanawake, nyuma na pembeni. Basi nitawaomba hao ndio watuambie kwanza, akasema, na akahama kutoka mbele akaenda kusimama pembeni, karibu nao. Maneno yakaanza kutoka. Mama mmoja alieleza habari za foleni. Mwingine akasema ndoo yake iliibwa akiwa kwenye foleni hiyo hiyo, na aliyeiiba yuko hapa anapiga makofi. Watu wakaangua kicheko. Meneja alikuwa anaandika bila kuinua kichwa.

Na hapo Bi Robo akamwona. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mwenyewe, mstari wa mwisho, na utepe wa kupimia nguo bado unaning’inia shingoni. Alikuwa amekwisha kumwona zamani. Uso wake ulikuwa umefunguka wote, na mkono umeinuka nusu, mkono wa mtu anayetaka kuita jina, si wa mtu anayeomba nafasi ya kuchangia. Kinywa kilikuwa kinaanza kufunguka.

Bi Robo alimkatiza. Alinyoosha kiganja kuelekea kule, kwa heshima kubwa, kama alivyofundishwa kwamba watu wasinyooshewe kidole.

“Naona mama pale nyuma ameinua mkono,” alisema. “Karibu, mama. Ungependa kuchangia?”

Mkono wa shangazi ulibaki hewani, kisha ukashuka taratibu mpaka mapajani. Alimtazama binti wa kaka yake, akalitazama gari, akamtazama yule mwanamke mwenye miwani aliyeshika kalamu, akarudi tena kwa binti. Na Bi Robo aliona waziwazi, kama mtu anayesoma maandishi makubwa, jinsi alivyoelewa.

“Mimi sina neno, afisa,” shangazi alisema. “Wenzangu wameyamaliza.”

“Asante, mama,” Bi Robo alijibu, na akaendelea na mkutano.

Aliumaliza vizuri. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba aliumaliza vizuri. Alirudia kwa sauti yale aliyoyasikia ili wakazi wamsahihishe kama amekosea, akawauliza kama kuna kundi ambalo halimo uwanjani, akawashukuru. Hakuna mtu aliyesema neno hata moja kuhusu mtunza bomba anayefunga koki mapema, wala kuhusu wa bondeni. Waliosema walikuwa wa juu na wa katikati. Wa bondeni waliokuwapo walikuwa wachache, wapangaji waliohamia baada ya Bi Robo kuondoka, nao walikuwa wamekaa karibu na kile kigoda, wakimtazama mwenye kigoda, kwa kuwa walizoea kwamba yeye ndiye msemaji wao. Na aliponyamaza yeye, nao walinyamaza. Mkutano ulipovunjika shangazi aliinuka, akabeba kigoda chake kwapani, akaondoka bila kugeuka. Hakutaka, inaonekana, kumpa mtu kazi ya kugeuka upande mwingine.

Mchana, katika chumba cha kompyuta, Bi Robo aliandika ripoti yake. Mikono ilijua njia. Lengo la mkutano, waliohudhuria, kwa jinsia na kwa rika, yaliyojitokeza, yaliyokubaliwa, changamoto. Alifika kwenye sehemu ambayo wafadhili huipenda sana, ile ya ushiriki, na vidole vikaandika vyenyewe sentensi aliyowahi kuiandika kwenye kila ripoti ya mkutano aliyopata kuigusa: washiriki wote, wakiwamo wanawake na wazee, walipata nafasi ya kuchangia. Akaitazama. Kila neno lake lilikuwa kweli. Nafasi alitoa, mzee mwanamke alipewa. Alijua kilichopaswa kuandikwa mahali pale, kwamba kuna kona nzima ya mtaa ambayo haikusikika; lakini angeandikaje kwamba alijua, bila kuandika amejuaje? Aliiacha sentensi ilivyokuwa. Akabonyeza kitufe cha kutuma.

Siku zilizofuata simu ya shangazi haikuita, na Bi Robo hakuipiga. Alianza kuandika ujumbe, akaufuta. Akaanza mwingine, akaufuta nao. Akijilaza mchana aliusikia ule wito wa heshima, karibu mama, kwa sauti yake mwenyewe, laini, ya mtu aliyesoma. Akageuka upande wa pili wa kitanda kana kwamba sauti ilikuwa inatoka ukutani.

Iliyoita ni simu ya shirika. Afisa utumishi alimwambia, kwa uchangamfu usiojificha, kwamba anaongoza, na kwamba amebakiwa na mazungumzo ya mwisho na jopo.

Chumba cha mazungumzo kilikuwa na meza moja ndefu, jagi la maji na ramani ya mabomba ukutani. Walianza na ripoti. Meneja alimuuliza angefanya nini kama mfadhili angetaka takwimu ambazo mradi haukuzikusanya, naye akajibu kwamba angemwambia hazipo, aeleze kwa nini, na apendekeze lini zinaweza kupatikana. Kuzikisia ni kumkopa mtu imani usiyoweza kumrudishia. Meneja alitikisa kichwa kwa kuridhika. Afisa utumishi akamwongezea maji kwenye glasi.

“Nikwambie kilichotuvutia,” meneja alisema, akavua miwani. “Wenzako wote walizungumza na waliokwisha kuzungumza. Wewe ulimwona yule mama mzee wa nyuma kabisa. Mama wa watu alikuwa anasitasita, ukamwita kwa heshima, na alipokataa hukumlazimisha. Hilo halifundishiki. Unamwona mtu ambaye wengine hawamwoni. Ndiyo maana tumekuita.”

Bi Robo aliitazama glasi. Angeweza kusema asante. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, na nyuma yake kulikuwa na meza, na mshahara, na kadi ya kazi yenye picha yake. Alijua pia kwamba akilisema atalisema kila siku, kila atakapoingia mlango ule, kwa kuwa kazi yote itakuwa imejengwa juu ya kitu hicho kimoja alichosifiwa.

“Yule ni shangazi yangu,” alisema.

Afisa utumishi alidhani hakusikia vizuri, akamwomba arudie. Akarudia. Alieleza kwamba ndiye aliyemlea, na kwamba hakuwa anasitasita hata kidogo. Alikuwa anataka kumsalimu. Kalamu ya afisa utumishi ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

“Lakini niliuliza, dada,” alisema, na katika sauti yake kulikuwa na masikitiko zaidi kuliko hasira. “Niliuliza kwenye gari. Nikasema si kosa.”

“Uliuliza.”

“Sasa kwa nini?”

Alikuwa na majibu ya kila aina, yaliyonyooka, ya mtu aliyeandika ripoti nyingi. Akayaacha yote.

“Niliona aibu,” alisema. “Kwamba ninatoka pale.”

Meneja alirudisha miwani usoni, akaifunga ripoti iliyokuwa mbele yake kwa viganja viwili. Alisema, bila ukali wowote, kwamba matokeo ya uwandani hayawezi kuhesabiwa tena, na kwamba bila hayo jopo halina la kuamua. Ndivyo kanuni zilivyo, na kanuni hizo hata yeye hawezi kuzipinda. Kisha akaongeza, kama anayesema na nafsi yake, kwamba kilichomsumbua zaidi si undugu. Undugu hutokea. Kinachomsumbua ni kwamba shirika lilikwenda kuwasikiliza watu, na mtu mmoja amerudi nyumbani na maneno yake. Bi Robo alimwambia anayajua maneno hayo. Meneja alitikisa kichwa kukataa.

“Unayajua wewe,” alisema. “Hakuyasema yeye.”

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja bondeni, maana alijua kwamba akipitia nyumbani hatatoka tena. Shangazi alikuwa kibarazani, mguu kwenye pedali ya cherehani, sindano inakimbia juu ya sketi ya sare ya shule. Alimwona, akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

“Karibu, afisa,” alisema. “Kuna kiti hapo.”

Bi Robo alimwamkia kwa kupiga goti, kitu ambacho hakukifanya tangu utotoni, na shangazi akamwambia ainuke asichafue nguo za ofisi. Basi akakaa, akayasema yote kwa mpangilio kama yalivyotokea: gari, swali la afisa utumishi, kicheko chake mwenyewe, na leo, chumba chenye ramani, na kwamba amewaambia, na kwamba kazi hakuipata. Aliomba radhi. Alitegemea kwamba shangazi atalia, au atamfukuza, au, katika kona fulani ya moyo ambayo hakutaka kuichungulia, kwamba atamvuta kifuani na kumwambia amefanya vyema kusema kweli.

Shangazi aliweka sketi chini.

“Umewaambia,” alisema.

“Nimewaambia.”

“Na kazi wamekunyima.”

“Wameninyima.”

“Basi mimi nimenyamaza bure.” Hakupandisha sauti. “Nilikuja pale na maneno yangu nimeyapanga tangu asubuhi. Majirani zangu nimewaambia, twendeni, leo nitasema, wataandika. Nikakuona. Nikasema, Mungu wangu, huyu mtoto anatafuta kazi, na hataki nijulikane. Nikayameza. Nikayameza mbele ya watu walionifuata mimi, na mpaka leo wananiuliza, fundi, ulikuwaje siku ile. Nikajiambia, si kitu, maji tutachota tu huko juu, ilimradi mtoto apate. Sasa maji hakuna, na kazi hakuna. Ulichonikania hata hukukishika.”

Bi Robo alitamani ardhi ipasuke. Mambo mengi alikuwa ameyafikiria katika siku zile, lakini hili hakuwa amelifikiria: kwamba kimya cha shangazi hakikuwa maumivu peke yake, kilikuwa zawadi, na yeye ameitupa pale mezani pa jopo bila kumuuliza mwenyewe. Alisema kwamba anaweza kuyaandika yale maneno yote vizuri na kuyapeleka. Anajua muundo wanaoutaka.

“Usiniandikie,” shangazi alisema. “Umeniandika vya kutosha. Wanasikiliza lini watu hao?”

Lipo dawati la maoni, Bi Robo alieleza. Mkazi yeyote anaruhusiwa kwenda mwenyewe siku yoyote ya kazi, akasema, na wao wanalazimika kumjibu. Lipo ofisini kwao, ghorofa ya chini. Shangazi akafikiri kidogo, akaitazama ile foleni ya nguo zisizoshonwa.

“Kesho utanipeleka,” alisema. “Na utakaa pale pale mpaka nimalize. Usinisaidie kuongea. Ukae tu.”

Kwa hiyo kesho yake Bi Robo aliingia tena kwenye jengo ambalo alikuwa ameapa kutolisogelea maishani, safari hii akiwa amembebea shangazi yake mkoba. Msichana wa mapokezi alimtambua. Kwa huruma aliyodhani ni ya kumsaidia, alimnong’oneza kwamba ile nafasi imekwisha kupata mtu, yule kaka mchangamfu mwenye viatu vizuri. Bi Robo akamshukuru, akasema hakufuata nafasi. Amemleta shangazi yake kwenye dawati la maoni. Alilisema kwa sauti ya kawaida, na ukumbi ulikuwa umejaa watu, na alihisi kila kichwa kimegeuka, ingawa huenda hakuna hata kimoja kilichogeuka.

Walikaa kwenye benchi. Mlango wa ndani ulifunguka, na meneja wa programu akatoka na kikombe cha chai mkononi. Aliwaona wote wawili, wameketi bega kwa bega, na pua zinazofanana. Bi Robo alitaka kuinamisha macho. Akajikaza asiinamishe, na hakuna jambo lililomchosha siku ile kuliko hilo. Meneja alimwamkia mzee kwanza, akamuuliza amefuata nini.

“Nimefuata maji,” shangazi alisema. “Siku ile mkutanoni nilipewa nafasi nikasema sina neno. Ninalo.”

Meneja akaweka kikombe juu ya meza ya mapokezi, akavuta kiti, akakaa mbele yake, na shangazi akaanza na habari za koki. Bi Robo aliushika mkoba mapajani na kunyamaza, kama alivyoagizwa.